Tarehe moja au miezi sita: mradi wa kurithi na imani ya wadau

"Kaka, nimekabidhiwa mradi uliochelewa karibu mwaka mzima. Aliyekuwepo kaondoka, wadau wamechoka na ahadi, na bosi anataka nimpe tarehe ya kumaliza ndani ya wiki hii. Nikisema sijui ataona siwezi kazi. Nikitaja tarehe ya kukisia itanirudi. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, kabla sijakujibu nikupeleke London, mwezi wa Novemba 2018, kwa mtu aliyekutwa na jambo hilo hilo. Anaitwa Mark Wild. Alikuwa akiongoza treni za chini ya ardhi za jiji lile, akahamishiwa mradi wa reli mpya ulioitwa Crossrail, unaokatiza jiji zima kutoka magharibi hadi mashariki. Kwa miaka mradi ulikuwa ukitangazwa kwamba uko ndani ya muda na ndani ya bajeti. Ulipaswa kufunguliwa Desemba 2018. Mwisho wa Agosti mwaka huo, ikiwa imebaki miezi mitatu na ushei, ikatangazwa kwamba hautafunguliwa hadi msimu wa vuli wa 2019. Meya, serikali kuu, wafanyabiashara waliochangia fedha, abiria waliopanga nyumba karibu na stesheni mpya: wote walijiona wamefichwa jambo.

Wild alipoingia, ile tarehe mpya ya vuli 2019 nayo ilikuwa mezani. Ilipofika Desemba, mradi ukasema hadharani kwamba hauwezi kuisimamia hata hiyo. Wakati huo huo ukahitajika mkopo mkubwa, zaidi ya pauni bilioni mbili kwa jumla, ili kazi isisimame. Yaani mtu ana wiki chache kazini, anaomba fedha na hana tarehe ya kuwapa watu.

Ili kuelewa kwa nini hakuwa nayo, lazima ujue kilichokuwa kimebaki. Mahandaki yalikwisha kuchimbwa tangu 2015, kilomita 42 kwa jumla, na yalichimbwa vizuri. Ukipima mradi kwa saruji iliyomwagwa na fedha iliyotumika, ulikuwa umevuka asilimia 90. Lakini ile iliyobaki ndiyo iliyokuwa ngumu. Treni ilitakiwa kutumia mfumo mmoja wa ishara katikati ya jiji, mwingine ikielekea uwanja wa ndege wa Heathrow, na mwingine wa zamani kwenye njia za pembeni, na ibadilishe kutoka mmoja kwenda mwingine ikiwa safarini. Hilo ni suala la programu za kompyuta, na programu hazijaribiwi kwenye karatasi. Zinajaribiwa kwa treni kupita kwenye handaki. Na handaki lilikuwa bado limejaa mafundi wa nyaya, wa mabomba na wa taa za stesheni, maana kila mkandarasi alikuwa anakimbizana na tarehe ile ile ya Desemba. Mafundi wakiwa ndani, treni haipiti. Treni isipopita, kasoro hazionekani. Kasoro zisipoonekana, taarifa ya mwezi inasomeka vizuri.

Nimeliona hili kwa macho yangu kwenye kazi ndogo mno kuliko hiyo. Niliwahi kukabidhiwa jengo la zahanati ambalo taarifa ilisema limefika asilimia 92. Kuta, paa na rangi vilikuwa tayari. Nikafungua bomba la chumba cha kujifungulia, likakohoa hewa. Bomba kuu lilikuwa halijaunganishwa na tangi, na fundi umeme alikuwa anamsubiri fundi bomba, fundi bomba anamsubiri mtu wa tangi. Zile asilimia nane zilizobaki zilitumia miezi saba. Aliyeandika 92 hakudanganya hesabu, alihesabu fedha iliyotoka. Ila mama mjamzito hajifungulii kwenye fedha iliyotoka.

Basi Wild alifanya nini? Kwa miezi mitano hakutaja tarehe. Yeye na timu yake wakaipanga ratiba upya kutoka chini, stesheni kwa stesheni, wakiangalia nani anamsubiri nani. Aprili 2019 wakatoka, na walichotangaza hakikuwa siku moja, bali kipindi cha miezi sita: kati ya Oktoba 2020 na Machi 2021. Kisha wakaongeza jambo ambalo mameneja wengi wangelificha: stesheni ya Bond Street imechelewa kuliko nyingine, na ahadi hii haiihusu.

Hapo ndipo watu wa fani yetu wanapogawanyika, na kila upande una hoja ya kusikilizwa.

Wanaotetea tarehe moja wanasema kipindi cha miezi sita ni mlango ulioachwa wazi. Mkandarasi akisikia "Oktoba hadi Machi", anapanga kazi yake ya Machi. Nani atalipa kreni inayosubiri? Nani atafidia nauli ambazo shirika la usafiri lilikwisha kuzihesabu kama mapato? Kwenye mradi mkubwa, kila mwezi wa ziada una mishahara, ulinzi, umeme na kodi ya vifaa, hata kama hakuna msumari mpya uliopigwa. Wanaongeza kwamba tarehe iliyotangazwa humlazimisha kila mtu kuamua leo badala ya mwezi ujao. Mtu aliyewahi kusimamia mafundi hawezi kuidharau hoja hii.

Na historia iliwapa nguvu, maana kile kipindi nacho hakikusimama. Novemba 2019 mradi ukasema mwaka 2021. Machi 2020 kazi zikasimamishwa kwa sababu ya Korona. Agosti 2020 ikatangazwa nusu ya kwanza ya 2022, na fedha zaidi zikaombwa. Mtu akikuambia uwazi wa Wild uliwaletea wakazi wa London kuchelewa kulekule pamoja na deni kubwa zaidi, ana tarakimu za kukuonyesha: bajeti iliyowekwa 2010 ilikuwa pauni bilioni 14.8, na mwisho gharama ikakaribia bilioni 19.

Upande wa pili unajibu kwamba tarehe moja ndiyo iliyouangusha mradi mwanzoni. Ofisi ya ukaguzi wa taifa ya Uingereza ilichunguza na kutoa ripoti Mei 2019. Ilieleza jinsi uongozi wa zamani ulivyoing'ang'ania Desemba 2018 hata dalili zilipokuwa wazi, kazi zikabanwa na kupandishwa juu ya nyingine, na gharama za wakandarasi zikapanda. Kulikuwa na mikataba mikuu 36, na mmoja akichelewa aliwavuta wengine. Kwa hiyo ule msukumo unaosifiwa ulikuwepo tayari, tena kwa wingi. Haukuharakisha kazi. Uliwafundisha watu kutopeleka habari mbaya juu.

Mimi naegemea upande huu wa pili, lakini kwa sababu ambayo watetezi wake huipita haraka. Sioni kwamba imani ilirudi kwa kuwa Wild alitaja kipindi badala ya siku. Kipindi chenyewe kilitangazwa mapema mno, kabla treni za kutosha hazijapita handakini kuonyesha ubovu wa programu, na ndiyo maana kikavunjika. Angekuwa ametegemea ahadi tu, angekuwa kama aliyemtangulia. Kilichomtofautisha ni vitu vilivyoweza kuonekana bila kumwamini yeye.

Mei 2020 stesheni ya Custom House ikakabidhiwa kwa shirika la usafiri, ya kwanza kati ya zile mpya. Kukabidhiwa maana yake mtu mwingine, mwenye masilahi ya kukataa, ametia saini kwamba milango, vizima moto na lifti vinafanya kazi. Mradi wenyewe hauwezi kujipa saini hiyo. Mei 2021 treni zikaanza kupita kwa kufuata ratiba bila abiria, na hapo kila siku ilijulikana zimepita ngapi na zimekwama wapi. Baadaye watu wa kujitolea wakaingizwa stesheni na ndani ya treni kufanya mazoezi ya kuhama wakati wa hatari. Mdau aliyedanganywa mara mbili hahitaji maneno mazuri zaidi. Anahitaji saini ya mtu asiyekuwa upande wako.

Haki itendeke pia kwa waliotangulia. Mahandaki aliyoyarithi Wild yalikuwa mazima. Na fedha ilipatikana: serikali kuu iliikopesha mamlaka ya jiji, kwa sababu reli iliyochimbwa chini ya London haiwezi kuachwa. Meneja wa mradi mdogo hana kinga hiyo. Mfadhili wako akichoka, anafunga faili. Hapo ndipo mfano huu unapokoma kukufaa, na usimwige Wild kwa kukaa miezi mitano bila neno.

Njia ilifunguliwa tarehe 24 Mei 2022 kwa jina la Elizabeth. Ilifunguliwa ikiwa na pengo: siku za Jumapili hakukuwa na huduma, abiria wa kutoka magharibi walibadilisha treni Paddington, na Bond Street treni zilipita bila kusimama. Stesheni hiyo ilifunguliwa Oktoba 24 mwaka huo huo. Kwangu huu ndio uamuzi mkubwa kuliko wote. Mwaka 2018 wangeona aibu kufungua reli yenye stesheni iliyofungwa. Mwaka 2022 hakuna aliyeshangaa, kwa sababu walikuwa wameambiwa miaka mitatu kabla kwamba stesheni hiyo iko nyuma.

Sasa nije kwako. Wiki hii usimpe bosi tarehe ya kumaliza. Mpe tarehe ya kutoa tarehe, isizidi wiki sita, na umwambie utakachokuwa umekiona kwa macho kufikia siku hiyo. Tembea mradi na kila mkandarasi peke yake, umuulize swali moja tu: unamsubiri nani? Andika majibu kwenye karatasi moja, chora mishale. Mahali mishale inapokutana ndipo ulipo ucheleweshaji wako, na mara nyingi hapafanani na ulipoandikwa kwenye taarifa.

Kisha chagua kipande kimoja kidogo ambacho mtu mwingine anaweza kukipokea na kukitia saini ndani ya wiki hizo sita. Kiwe chumba kimoja, kituo kimoja cha maji au tawi moja la mfumo. Na kama kuna sehemu unajua haitawahi, itaje sasa hivi kwa jina lake, mbele ya wadau wote, wakati bado wana nafasi ya kupanga mambo yao bila hiyo.

Bosi akisisitiza apewe siku moja, mwonyeshe ile karatasi ya mishale, umwombe akuonyeshe yeye mshale wa kukata.