Supaseti msimu wa korosho: muda unaookolewa na nguvu inayopotea

"Kaka, msimu umeanza, jioni nina dakika arobaini tu. Nikipumzika dakika moja moja na kuunganisha mazoezi, nguvu zangu zitabaki au nitakuwa natoka jasho la bure?"

Kuunganisha mazoezi mawili na kuyapiga kwa zamu ndiyo supaseti, na jibu linategemea unaunganisha zoezi gani na zoezi gani. Aliyeniuliza ni karani wa ghala la chama cha msingi nje kidogo ya Mtwara mjini. Minada ya korosho ikishaanza Oktoba, anatoka kazini giza limeingia, na jimu anayofanyia pale Magomeni haichelewi kufungwa. Uzuri wake ni kwamba huandika kila seti kwenye daftari, kwa hiyo hatuna haja ya kubishana kwa hisia.

Septemba, alipokuwa anapumzika dakika tatu, benchi, yaani kusukuma chuma juu ukiwa umelala, ya kilo 60 ilisomeka hivi: 8, 8, 7, 7. Wiki ya kwanza ya haraka, kwa dakika moja moja, ikawa 8, 6, 5, 4. Mara 30 kwa kilo 60 ni kilo 1,800. Mara 23 ni kilo 1,380. Chuma ni kile kile na seti ni nne zile zile, lakini kifua kimefanya kazi pungufu kwa karibu robo. Halafu yeye mwenyewe alirudi nyumbani akiamini amefanya tizi kali kuliko Septemba, kwa sababu alihema zaidi. Kuhema si kipimo cha nguvu.

Sababu iko ndani ya msuli. Seti nzito hutegemea kwa kiasi kikubwa akiba ndogo ya nishati ya haraka iitwayo fosfokreatini. Seti ikiisha, akiba hiyo imeshuka sana. Kiasi cha nusu yake hurudi mapema, lakini kujaa tena kunahitaji takriban dakika tatu hadi tano. Anayeanza seti ya pili baada ya dakika moja anaanza na akiba pungufu, na seti ya tatu inaikuta imepungua zaidi. Mwaka 2016 Brad Schoenfeld na wenzake walilipima jambo hili kwa vijana waliokwisha zoea vyuma: kwa wiki nane kundi moja lilipumzika dakika moja, jingine dakika tatu, mazoezi yakiwa yale yale. Waliopumzika tatu waliongeza nguvu zaidi kwenye skwati na kwenye benchi, na unene wa paja la mbele pia.

Hapo wazee wa jimu, wale wanaokaa kwenye benchi wakipiga soga dakika sita kati ya seti na seti, watasema si tuliwaambia. Wamepatia nusu tu. Kinachohitaji dakika tatu ni msuli uliotoka kufanya kazi, si mtu mzima. Kifua kikipumzika, mgongo hauna sababu ya kukaa bure.

Hapa ndipo supaseti inapopata heshima yake. Chukua benchi na kuvuta. Piga benchi seti moja, sekunde 40 hivi. Pumzika sekunde 75. Vuta dambeli, sekunde 40. Pumzika sekunde 75, rudi kwenye benchi. Kifua kimekaa sekunde 190, yaani zaidi ya dakika tatu, ingawa wewe hukukaa hata dakika moja na nusu kwa mkupuo. Mizunguko minne ya namna hii inamalizika kwa dakika 14 hivi. Ukimaliza seti zote za zoezi moja ndipo uanze jingine, kwa mapumziko ya dakika tatu, utatumia kama dakika 26. Karani alipobadilisha hivyo, daftari lilisoma 8, 8, 7, 6. Mara moja tu imepotea, na dakika 12 zimepatikana. Kwa mtu mwenye dakika arobaini, biashara hiyo mimi naikubali bila kusita.

Angalia lakini kwamba bado kuna sekunde 75 katikati. Wapo wanaoelewa supaseti kuwa ni kutupa chuma hiki na kudaka kile bila pumzi. Kwa mazoezi madogo, kama kukunja mkono na kunyoosha mkono, hiyo haina madhara makubwa, na ndiyo sehemu ya kufukuzia muda bila huruma. Kwa benchi nzito, pumzi itaisha kabla ya kifua, na seti itakatishwa na mapafu.

Supaseti inayoumiza ni ile ambayo mazoezi mawili yanakula chungu kimoja. Benchi ikifuatiwa papo hapo na pushapu ni mfano wa wazi: kifua kile kile, mapumziko sifuri. Itakuchosha vizuri kama ndicho unachotaka mwishoni mwa tizi, ila usitegemee benchi ya seti inayofuata iwe na nguvu. Mfano wa kificho ni dedilifti, yaani kuinua chuma kutoka sakafuni, na kujivuta kwenye baa. Kwa macho ni miguu na mgongo wa juu, watu wawili tofauti, kumbe wote wanaajiri vidole vile vile. Utaijua kwa ishara moja: kwenye baa vidole vinafunguka kabla mgongo haujachoka. Vivyo hivyo skwati na kuvuta chuma ukiwa umeinama. Kiuno kinashikilia huku na kule, na kikichoka, mgongo unaanza kupinda kwenye skwati. Hapo hasara si namba za daftari tu.

Kwa karani huyu kiuno kina hesabu ya ziada, maana siku nyingine anasaidia kupanga magunia mizani inapozidiwa. Ndiyo maana nilimkatalia kabisa kuiunganisha dedilifti na zoezi lolote. Seti za mara tano au pungufu, kwa dedilifti au skwati, zipewe dakika tatu hadi tano zake peke yake, hata kama maana yake ni kufanya seti tatu badala ya tano. Nguvu ya juu hujengwa na seti chache zilizo nzima kuliko nyingi zilizochakaa. Anayetafuta unene wa misuli tu ana nafasi zaidi ya kubana muda, kwa kuwa anaweza kufidia kwa kuongeza seti moja au mbili nyepesi. Ila akizihesabu na hizo, muda aliouokoa unapungua tena.

Na joto letu nalo lina kura yake. Novemba na Desemba, mvua kabla haijakolea, jimu ya bati na feni moja huwafanya watu walowe kabla ya seti ya pili. Moyo unafanya kazi mbili, kupoza mwili na kulisha misuli. Sekunde 75 zilizotosha Julai zinaweza kuwa chache. Usibishane na saa. Ukiona seti ya tatu imepungua kwa marudio zaidi ya mawili kulinganisha na ya kwanza, ongeza nusu dakika. Ikirudi, ulikuwa unapumzika kidogo mno. Isiporudi, jozi uliyochagua ina mgongano, au umekuja umechoka.

Kuna suala la ustaarabu pia. Jimu nyingi za Mtwara zina benchi moja au mbili na baa ya kugombania. Saa kumi na mbili jioni huwezi kumiliki benchi na baa ya kuvutia kwa pamoja halafu ukasema "braza, niko supaseti." Jozi ya karani inafaa kwa sababu anavutia dambeli akiwa ameegemeza goti kwenye benchi hilo hilo, na chuma chake kinabaki mahali pake. Akija mtu wa pili wanapokezana: mmoja akibonyeza, mwingine, badala ya kuvuta, yuko pembeni sakafuni anapiga skwati na dambeli moja kifuani. Zamu ya mwenzake ndiyo inayogeuka kuwa mapumziko yake.