Mimi na Ubongo Wangu Tutafikishana kwa Kadhi

Hebu fikiria. Watembea zako Barabara ya Digo, jua lakuoka utosi, na mtu anakuja mkabala. Kati yenu kuna mita kama 10. Yeye anatembea, wewe watembea, basi mna sekunde tatu na kidogo kabla hamjapishana. Katika sekunde hizo uamue: utoe salamu, au utoe simu ujifanye wasoma ujumbe?

Wataalamu wa ubongo watakwambia sekunde tatu ni anasa. Upande wa chini wa ubongo, nyuma huko, hasa kuliani, kuna kipande kinachochangamka ukiona uso kuliko ukiona kiti au kikapu. Ukibandikwa nyaya kichwani, dalili kwamba umeona uso hutokea kwa milisekunde 170 hivi. Ikifika 250 hivi, nyuso uzijuazo zimeanza kutengwa na za wapita njia.

Maashallah. Lakini kujua kwamba wamjua ni kazi moja, na kujua ni nani ni kazi nyingine. Jina ndilo la mwisho kabisa, likipenda. Ubongo wangu ni karani wa serikali: agonga muhuri "HUYU UNAMJUA", kisha aenda kunywa chai na faili lote.

Juzi nje ya benki likanipata. Kanzu nyeupe, kofia ya vito, udi wanukia kabla yeye hajafika. Muhuri umegongwa. Nani? Kimya. Ustadh wa madrasa? Shemeji wa mtu? Mwaka 1980 mwanasaikolojia George Mandler aliueleza msiba huu kwa mfano wa muuza nyama ndani ya basi: sura waijua, lakini umezoea kumwona buchani, na bila bucha kumbukumbu haina pa kushikia.

Na kupita kimya siwezi. Hapa Mombasa ukimpita mtu bila salamu, kufikia alasiri mtaa mzima wajua umeanza maringo. Shikamoo nayo ni hatari, akiwa rika langu atanicheka mpaka Likoni. Na mita zinakwisha!

"Sheikh!" nikatoa meno yote. "Salaam aleikum! Za huko?"

"Waaleikum salaam. Njema tu." Akasimama. Jamani, kwa nini asimame? Salamu ya kupishana haina kituo. Akanitazama vizuri, yeye hakuwa na shida ya kunijua, maana shati langu ni lilelile, asubuhi, jioni, arusini na matangani.

"Na ile mia yangu ya mahamri na mbaazi?"

Aa! Sasa karani karudi mbio, na faili limejaa: karai, moshi, fulana iliyotoboka begani, jina lake, jina la babake, na mimi pale kibarazani nikimwambia, "Andika, nitalipa kesho."