Kodi ya Miezi Sita: ü

Kama nawe umewahi kuambiwa "igeuze tu PDF, dakika moja," pole yako. Mkataba wa nyumba umesharekebishwa, wakili kaupitia, mteja anasubiri, na umeme ndiyo huo. Jenereta ya ofisi tusiizungumze. Nikatia faili kwenye fleshi, nikashuka Darajani kutafuta steshenari, mie karani wa sheria na koti langu, jua la saa saba.

Kijana akafungua faili. "Ami, fonti hii mashine yangu haina. Nakuwekea Calibri." Sijajibu, keshauteua waraka mzima na kuubadilisha. Sasa zile alama za vema kwenye orodha ya malipo zilikuwa herufi ü zilizovishwa Wingdings. Akazivua. Mkataba ukasomeka: "Kodi ya miezi sita: ü."

"Hii nini?"

"Labda Kijerumani, ami."

Nikanyamaza kwa heshima ya koti. Lakini herufi za Calibri upana wake mwengine, mistari ikahama, na sehemu ya saini ikasukumwa peke yake kwenye ukurasa wa mwisho. Saini tupu bila neno la mkataba juu yake! Karatasi hiyo mtu mbaya anaibandika nyuma ya mkataba wowote autakao. Ndiyo maana aya iliyo juu ya saini huwekewa Keep with next, zishikane zihame pamoja. Kijana yeye akashauri tupunguze nafasi baina ya mistari.

Akatoa PDF hivyo hivyo. Ukurasa wa tatu: "Mpangaji akivunja kifungu cha Error! Reference source not found. atatolewa." Wallahi koti nikalivua.

Mwenye nyumba alikifuta kifungu cha 4, cha kufuga mbuzi, na kifungu cha 9 bado kinakitaja. Kwenye Word palionesha 4 kama hakuna msiba, maana namba ile ni kiungo, hubaki na ilichokijua mara ya mwisho mpaka uiamshe. Unabonyeza Ctrl+A halafu F9 kabla ya kutoa PDF, kisha unatafuta neno "Error!" waraka mzima.

"Si niandike 4 kwa mkono, ami?"

"Vifungu vimepanda! Cha 4 sasa ni cha kupaka chokaa. Mtu atolewe nyumbani kwa chokaa?"

"Watu wanatolewa kwa madogo zaidi."

Umeme uliporudi nikaenda kuitoa ofisini, kwenye mashine yenye fonti yake, kutoka faili letu la asili, baada ya wakili kuamua kifungu cha 9 kitaje kipi. Nikaifungua kwa Adobe Reader, Properties, Fonts: kila jina pembeni Embedded Subset, yaani fonti imo ndani, inasafiri na faili. Alama za vema zikawa vema.

Na kifungu chenyewe cha kukataza mbuzi, mnadhani kimefutwa kwa nini? Mbuzi ni wa mwenye nyumba! Wanalala ukumbini kwa mpangaji, na juzi wamekula kanga za mkewe, na mzee anasema ni mbuzi wa jirani, eti wake wana adabu.