Saa ya msikiti na kapasita za mapambo

Jamani hii ya Ramadhani lazima niwape. Mwenzangu wa workshopu alidizaini bodi ya saa ya msikiti wa mtaani, ile inahesabu dakika zilizobaki mpaka magharibi, chipu nne za 74HC595 zinawasha taa za namba. Bodi ilikuwa nzuri wallahi. Kapasita zote nne za nanofaradi 100, zile akiba ndogo za umeme za kila chipu, kazipanga mstari mmoja pale umeme unapoingilia, eti zipendeze.

Basi jioni ya kwanza, dakika 12 zikageuka 11 fresh, ilipofika 10 saa ikatoa michoro haieleweki, namba si namba herufi si herufi, kijana mmoja akaona ile fujo akajua muda umeisha, tende mdomoni. Mzee mmoja akamkamata shavu kwa vidole viwili, "Tema!"

Tukashusha saa. Mita inasoma volti 5, imetulia kabisa, na ndo maana mita haikusaidii hapa, yenyewe inaonyesha wastani. Nikaweka osiloskopu kwenye pini 16 ya chipu yenyewe, ile inayoingiza umeme, kila namba zikibadilika volti inadumbukia kwa karibu 2 halafu inarudi, yote ndani ya kufumba na kufumbua. Hesabu inakubali: chipu nne zikiwasha taa pamoja zinadai kama miliampea 200 ndani ya nanosekunde 10, na njia ya shaba kwenda na kurudi ni milimita 100, kila milimita ina kama nanohenri 1, shaba inagoma mkondo kupanda ghafla hivyo. 100 nH × 0.2 A / 10 ns = 2 V. Chipu inabaki na volti 3, na umeme ukiruka ghafla hivyo inasoma vibaya inachotumiwa.

Mwenzangu bado anabisha, "Si kapasita zipo?" Zipo, ila kwa mbali hivyo. Ukiiunga na nanohenri 100 za njia, ile kapasita juu ya megahezi 1.6 inaanza kufanya kazi ya koili. Mzee alikuwa anasikiliza tu, akauliza, "Kwa hiyo birika la udhu mmeliweka getini, watu wanaswali ndani?" Nikacheka mpaka nikaangusha koleo.

Tukazing'oa. Upande wa chini wa bodi ni shaba ya graundi tupu, kwa hiyo tukakwangua rangi pembeni ya pini 16 ya kila chipu, mguu mmoja wa kapasita kwenye pini, mwingine hapo hapo kwenye graundi, miguu tumeikata mpaka imebaki milimita mbili tatu, maana mguu mrefu nao ni shaba ile ile. Ile kapasita kubwa ya mikrofaradi 470 tukaiacha mlangoni, yenyewe inashughulikia madai ya pole pole. Osiloskopu ikabaki na kamtikisiko kadogo tu.

Saa iko sawa mpaka leo, ila mwenzangu ananuna, anasema nimemharibia bodi, chini inaonekana kama imeshonwa na mlevi.