Sehemu ya mbinu haiandikwi kwa kubadili "ta" kuwa "li"

Ripoti nyingi ndogo za utafiti wa afya ya jamii zina sehemu ya mbinu iliyoandikwa kabla ya mdadisi wa kwanza kubisha hodi. Mwandishi huchukua andiko la mradi, panapoandikwa "tutachagua kaya 180 kwa nasibu", akabadili "tutachagua" kuwa "tulichagua", kisha akaenda kwenye matokeo. Kisarufi sentensi imetulia. Tatizo ni kwamba inaeleza mpango, na msomaji anataka kujua kilichotokea.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mradi uligawa vyandarua katika vijiji 40, na sasa unataka kujua ni watoto wangapi wa chini ya miaka mitano wanaolala ndani yake. Vilichaguliwa vijiji 12, na kila kijiji kilipangiwa kaya 15. Ripoti inasema: "Kaya 180 zilichaguliwa kwa nasibu na zote zilihojiwa." Sentensi hiyo moja imeficha mambo matatu.

La kwanza ni hilo neno "nasibu". Kwa wengi maana yake ni "bila kupendelea", lakini kwa kazi hii maana yake ni kwamba kila kaya ilikuwa na nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa. Mdadisi aliyesimama katikati ya kijiji, akazungusha kalamu chini na kufuata ilikoelekea, hakupendelea mtu, lakini kaya za pembezoni aliziacha. Mtindo huo ulizoeleka sana katika tafiti za chanjo za makundi 30 ya watoto saba saba, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 uliuacha ukataka uteuzi unaoweza kuhesabiwa. Kama timu yako ilizungusha kalamu, andika hivyo. Ni aibu ndogo kuliko kuandika "nasibu" halafu mtu akuulize orodha ya kaya iko wapi.

Kama orodha ilikuwapo, eleza imetoka wapi na nani aliihakiki. Orodha ya kiongozi wa kijiji mara nyingi huwakosa wapangaji na waliohamia karibuni, na daftari la mhudumu wa afya huwa na kaya anazozitembelea tayari, ambazo ndizo zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na chandarua kilichotundikwa. Kisha eleza hatua yenyewe: orodha ilikuwa na kaya 90, tukagawa kwa 15 tukapata 6, tukachora namba kati ya 1 na 6, ikatoka 4, kwa hiyo tukaenda kaya ya 4, ya 10, ya 16, hadi ya 88. Mistari miwili inatosha, na mtu yeyote anaweza kuirudia.

Usisahau jinsi vijiji vyenyewe vilivyochaguliwa. Ikiwa kijiji kikubwa kilipewa nafasi kubwa zaidi kulingana na idadi ya kaya zake, basi kuchukua kaya 15 kila mahali kunazipa kaya zote nafasi inayokaribia kulingana. Ikiwa vijiji vilichorwa kama kura, kikubwa na kidogo sawasawa, kaya ya kijiji kikubwa ilikuwa na nafasi ndogo, na matokeo yanahitaji kupewa uzito wakati wa uchambuzi. Bila kusema ni lipi lilifanyika, hakuna anayeweza kukagua asilimia zako.

Jambo la pili ni "zote zilihojiwa". Katika kaya 180 za vijijini, zote kuwa na mtu nyumbani na zote kukubali ni jambo la kutiliwa shaka. Kwa kawaida kilichotokea ni kwamba mlango ukikutwa umefungwa, mdadisi aliingia nyumba ya jirani. Hesabu ikatimia, sampuli ikaharibika, kwa sababu nyumba yenye mtu saa nne asubuhi haifanani na ile ambayo wote wameenda shambani au kibaruani. Ushauri wangu ni kukataza jirani kabisa na kurudi mara mbili, moja ikiwa jioni. Na kama jirani walitumika, idadi yao itajwe. Ishara ya kugundua hili kwenye ripoti ya mwenzako ni rahisi: mwitikio wa asilimia 100 na hakuna neno kuhusu kurudi.

La tatu ni ukubwa wa sampuli. Hapa watu hupenda kubandika fomula hii, ambayo kwa p, yaani uwiano unaotarajiwa, ya 0.5 na d, yaani ukingo wa makosa unaokubalika, ya 0.05 hutoa takriban 384, halafu wanaeleza kwa nini walihoji 180:

```
n = 1.96² × p(1 − p) / d²
```

Fomula hiyo inachukulia kwamba kila kaya ilichorwa peke yake. Kaya za kijiji kimoja hufanana: zilipata vyandarua siku moja, kutoka kwa mgawaji mmoja, na mbu wao ni walewale. Kaya ya 15 ya kijiji inakuambia mambo machache mapya. Upungufu huo unakadiriwa hivi, deff ikiwa namba ya kugawia sampuli, m wastani wa kaya kwa kijiji na ρ kiasi cha kufanana kwao:

```
deff = 1 + (m − 1) × ρ
```

Tuseme kaya zilizohojiwa kweli ni 156, yaani wastani wa 13 kwa kijiji, na ρ tunaikadiria kuwa 0.1. Deff inakuwa 2.2, na ukigawa 156 kwa 2.2 unaona kwamba kaya hizo zinabeba taarifa ya kama kaya 71 zilizochorwa moja moja. Ukingo wa makosa unapanda kutoka takriban pointi 8 hadi pointi 12 hivi. Kwa hiyo "asilimia 58 hutumia chandarua" maana yake ni popote kati ya 46 na 70, na ukilinganisha na asilimia 50 ya mwaka uliopita, huna ushahidi wa ongezeko. Mfadhili hatafurahi. Lakini afadhali ukingo huo uandikwe na wewe kuliko ugunduliwe na yeye.

Aya iliyonyooka basi ingesomeka hivi: "Vijiji 12 kati ya 40 vilichaguliwa kwa uwiano wa idadi ya kaya. Katika kila kijiji tulichagua kaya 15 kwa kuruka namba kwa hatua sawa, kuanzia namba iliyochorwa, kutoka kwenye orodha iliyohakikiwa siku moja kabla. Kati ya kaya 180, tulihoji 156 (asilimia 87). 17 hazikuwa na mtu baada ya kurudi mara mbili, na 7 zilikataa. Hakuna kaya iliyobadilishwa."

Baada yake nakala swali kuu neno kwa neno. "Je, mtoto wako hutumia chandarua?" huleta jibu la adabu. "Usiku wa kuamkia leo, mtoto huyu alilala ndani ya chandarua?" huleta jibu la tukio. Sema pia kigawanyo ni nini: watoto wote waliolala katika kaya hiyo usiku ule, au wale tu wa kaya zenye chandarua? Vigawanyo hivyo viwili hutoa asilimia mbili tofauti kutoka dodoso lilelile. Na kama aliyeuliza ndiye aliyegawa vyandarua, lazima liandikwe. Ridhaa na kibali vinahitaji sentensi mbili tu.

Kabla ya kutuma, mpe aya ya uteuzi mtu ambaye hakwenda uwandani, pamoja na orodha ya kaya 90 na namba 4. Akishindwa kukuonyesha kaya 15 zilezile, irudie aya, hata kama ripoti inasubiriwa kesho.