Unamshauri aliyekwisha kupanda, au ambaye hajapanda?

Katika makala za ushauri wa kilimo nakutana mara kwa mara na sentensi ya namna hii: "Kama ungepanda mahindi mapema na kuweka mbolea ya kupandia, unavuna vizuri." Ukiisoma haraka inapita. Ila mkulima anayeisoma ili akafanye kazi lazima akwame: naambiwa nimeshachelewa, au naelekezwa nifanye nini msimu ujao?

"Ungepanda mapema, ungevuna vizuri" anaambiwa mtu ambaye mahindi yake yameshanyauka. Kile kiambishi -nge- kinabeba ujumbe kwamba jambo halikuwa hivyo, au kwamba ni vigumu kuwa hivyo. "Ukipanda mapema, utavuna vizuri" anaambiwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaandaa shamba; -ki- inaliacha jambo wazi, laweza kuwa, laweza lisiwe. Sentensi ya makala ile ilianza na mkulima wa kwanza ikamalizia kwa wa pili, kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyeshauriwa.

Nadhani kosa hili linaletwa zaidi na urefu wa sentensi kuliko kutojua sarufi. Mwandishi huyohuyo akiambiwa aseme kwa ufupi, hawezi kusema "ungekuja unanikuta". Atasema "ungekuja ungenikuta" bila kufikiri. Lakini akishaweka katikati mbolea, nafasi kati ya mashimo na mvua za kwanza, mpaka anafika kwenye kitenzi cha pili amesahau alianzaje, na mkono unaandika -na- au -ta- kwa mazoea. Ndiyo maana ninapohariri naziruka zile habari za katikati, nasoma vitenzi viwili tu vilivyobeba sharti na matokeo yake. "Ungepanda… unavuna." Hapo sikio linakataa lenyewe.

Sababu nyingine ni adabu. Tumezoea kulainisha maneno kwa -nge-: ningependa, ningeomba, ingefaa. Basi mwandishi akitaka kuwa mpole anaitia hata mahali pa sharti: "Kama majani yangeanza kuwa ya njano, weka urea." Hili naliona baya kuliko lile la kwanza, kwa sababu hapa kuna dalili ambayo mkulima anatakiwa aitafute shambani. Mahindi yakikosa naitrojeni, unjano huanzia kwenye ncha za majani ya chini na kuingia ndani kwa kufuata mshipa wa kati. Hicho ni kitu cha kuonekana kwa macho. Ukiandika "yangeanza", umesema hayajaanza, halafu papo hapo unaamuru dawa ya kitu ambacho umeshasema hakipo. Amri inataka -ki-: "Majani ya chini yakianza kuwa ya njano, weka mbolea ya kukuzia." Upole ukiutaka, uhamishie kwenye ushauri wenyewe: "Yakianza kuwa ya njano, ningekushauri uweke mbolea ya kukuzia."

Naam, sentensi hiyo ina -ki- na -nge- pamoja, na iko sawa. Ile "ningekushauri" haijibu sharti la majani. Inalainisha tu sauti ya anayeshauri. Hali kadhalika "ingefaa uanze na shamba dogo". Kwa hiyo siungi mkono wale wanaopiga mstari mwekundu kila wanapoona -nge- imekaa jirani na kiambishi kingine. Hata "ungepanda mapema ukaweka na mbolea, ungevuna" ni Kiswahili safi, maana -ka- inaendeleza tu sharti lililokwisha kuanzishwa.

Ukiwa na shaka, ongeza "lakini sivyo" mwishoni mwa sharti. "Ungepanda mapema (lakini sivyo)": maneno yanakaa, basi endelea na -nge- mpaka matokeo. "Majani yakianza kuwa ya njano (lakini sivyo)": yanagoma, kwa hiyo baki na -ki-, na matokeo yake yachukue -ta- au amri.

Kwenye ukanushi mambo huvurugika zaidi. "Usipopalilia, usingepata kitu" nimeiona zaidi ya mara moja. Hiyo -sipo- ndiyo ukanushi wa -ki-, kwa hiyo mwenzake ni "hutapata". Mwenzake "usingepata" ni "usingepalilia". Na kama msimu umeshapita na unamweleza mtu kilichomponza, ipo -ngali-: "Ungalipalilia mapema, magugu yasingaliyashinda mahindi." Wengi siku hizi hutumia -nge- hata hapo, na sina ugomvi nao, mradi waitumie pande zote mbili.