Mama hana diski iliyotoka, mama ana miaka 63

Wiki iliyopita nilifika nyumbani Ujiji nikamkuta mama kalala chali siku ya tisa. Hainami, hafagii, hata dagaa wake kawaachia majirani wamwanikie. Kisa ni ripoti ya MRI ya kiuno tuliyoifuata mpaka Mwanza kwa hela ya kuchangishana. Aliyempokea na majibu aliangalia karatasi akasema "bibi, una matatizo mengi kwenye mgongo huo", akaandika dawa, akaita mwingine. Picha ya ripoti ikarushwa kwenye grupu la ukoo na kabla ya magharibi kila mtu alikuwa anajua mama diski zimetoka, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili za mgongo, na atapooza.

Nimekasirika mpaka leo, maana ile ripoti nimeisoma mstari kwa mstari na binamu yangu ambaye ni daktari, na ni ripoti nzuri!

Orodha yenyewe ndiyo hii: diski tatu za chini zimekauka na kupungua kimo, mbili zimevimba kidogo kwa nyuma, kuna vimiba vya mfupa pembeni mwa pingili, viungo vidogo vya nyuma vimesagika. Pembeni ya hayo yote kumeandikwa eji rileted chenji (nayaandika tunavyoyatamka), yaani mabadiliko ya umri. Hayo maneno matatu hakuna aliyemsomea mama.

Kuna uchambuzi wa mwaka 2015 uliokusanya tafiti 33 za watu 3,110 ambao mgongo HAUWAUMI kabisa, wakaangaliwa kwa CT na MRI. Wenye miaka 20 tu, asilimia 37 walishakuwa na diski zilizochakaa. Kwenye miaka 60 ni asilimia 88, na waliovimba diski ni 69. Yaani ukiokota wanawake kumi wa rika la mama pale sokoni Mwanga, wanabeba ndoo za mawese hawalalamiki chochote, ukawapiga picha, karibu tisa watatoka na karatasi inayofanana na ya kwake. Fundi wa mitumbwi wa Kibirizi akikagua chombo cha miaka mingi atakutajia kila kiraka, halafu atakwambia hakivuji, na wewe unayeenda ziwani unachotaka kusikia ni hicho cha mwisho.

Na kwenye ripoti kipo, kipo chini kabisa kwenye hitimisho. Hakuna mfupa uliovunjika, hakuna uvimbe ulioota wala mfupa unaoliwa, mfereji wa uti wa mgongo una nafasi, hakuna mshipa wa fahamu uliobanwa. Daktari wa mionzi anapita kila sehemu na kuandika alichokiona hata kama hakina shida, ndiyo kazi yake, kwa hiyo urefu wa ripoti haupimi ukubwa wa ugonjwa. Alipofika mwisho wa uti wa mgongo akaandika anrimakabo, shangazi akasema hilo neno linatisha, kumbe maana yake ni kwamba hajaona kitu cha kuripoti hapo. Ni neno zuri kuliko yote kwenye ile karatasi.

Halafu kuna nomo varianti, yaani maumbile tofauti ambayo si ugonjwa. Pingili ya mwisho ya kiuno ya mama imeungana upande mmoja na mfupa wa chini yake, amezaliwa hivyo na amelea watoto sita nayo. Inaandikwa kwa sababu siku daktari wa upasuaji akihitaji kuhesabu pingili asije akakosea akagusa ya juu au ya chini yake, basi.

Sawa, nakubali picha haioni kila kitu, na kuandikwa umri hakumaanishi mama anadanganya kwamba anaumwa, anaumwa kweli. Na angekuwa na mguu unaoishiwa nguvu, ganzi sehemu za siri, mkojo unaomshinda, homa au kukonda bila sababu, nisingekaa naandika hapa, tungekuwa tumesharudi hospitali usiku uleule. Hana hata kimoja. Ila kulala siku tisa ndiko kulikomkaza kiuno zaidi, misuli inalegea, na binamu alisema wazi maumivu ya namna hii yanataka mtu atembee kidogo kidogo.

Dakika mbili tu zingetosha mtu kumwambia mama hayo pale dirishani. Mbili!

Nilikaa kitandani kwake nikamsomea hitimisho kwa Kiswahili, polepole. Akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, hakuna kilichobanwa?" Nikamwambia hakuna mama. Akanyamaza kidogo, akaomba kanga yake, akashika bega langu akasimama, tukatembea mpaka kwenye mwembe akakaa kwenye kigoda. Jioni akaniambia nikawachukue dagaa wake kwa jirani.